Video yako inacheza kwako ila kwa wengine inadai logini? Hivi ndivyo utajua kama imepigwa 18+

Swali: Mwangaluka mtaalamu. Nina chaneli ya YouTube ya huduma ya kwanza kwa wavuvi huku Mwanza. Kuna video ya dakika sita ya kumtoa mtu ndoana iliyozama kwenye kiganja, mimi nikiifungua inacheza freshi kabisa, ila jamaa wa mwaloni Kirumba na wengine wa Ukerewe wanasema inawaambia waingie kwanza. Kwenye tovuti ya kikundi chetu ndo kabisa, kibox cheusi tu na maandishi. Nitajuaje kama imefungiwa umri, na mtu ambaye hajalogini anaona nini hasa?

Jibu: Mwangaluka ndugu yangu. Kwa hizo dalili mbili ulizozitaja, ya watu kudaiwa logini na ya kibox cheusi kwenye tovuti, mimi ningesema imefungiwa umri, ila tusikimbilie huko kabla hatujacheki maana kuna matatizo mengine matatu manne ambayo kwa nje yanafanana nayo na dawa zake ni tofauti kabisa.

Kwanza elewa kwa nini wewe huoni shida. Simu yako imelogini kwenye akaunti yenye chaneli, na akaunti hiyo tarehe yake ya kuzaliwa inasema umevuka miaka 18, basi YouTube inakufungulia tu kama video nyingine yoyote. Mtu mzima mwingine aliyelogini anaweza kuletewa onyo dogo kwamba video inaweza isiwafae baadhi ya watu, anabonyeza kuendelea, inacheza. Kwa hiyo usije ukaipima video yako kwa kuifungua kwenye simu yako kama ulivyozoea, hata mara mia, haitakuambia kitu. Na usimpe mkeo au mdogo wako aicheki kwenye simu yake, na yeye kalogini vilevile.

Unachotakiwa kufanya ni kujigeuza mtu asiye na akaunti. Kwenye simu fungua Chrome, gusa vile vidoti vitatu juu kulia, chagua `New Incognito tab`. Sasa hapa ndo watu wengi wanateleza: wanaenda WhatsApp wanagusa linki, simu inaruka moja kwa moja kwenye apu ya YouTube ambayo ishalogini, wanasema mbona inacheza. Usiiguse linki, ikopi halafu uipesti kwenye ile tabu nyeusi ya incognito, na simu ikikuuliza ufungue kwenye apu kataa, baki kwenye Chrome. Ukiona neno `Sign in` ujue uko nje ya akaunti na unaona kile anachokiona jamaa wa Kirumba.

Kama video imefungiwa umri, pale inapotakiwa kucheza utakuta skrini nyeusi na maneno haya, kama simu iko kwa Kiingereza:

```
Sign in to confirm your age
This video may be inappropriate for some users.
```

Chini yake kuna kitufe cha `Sign in`, basi. Simu iliyowekwa Kiswahili inaleta ujumbe huohuo kwa Kiswahili, wa kukutaka uingie ili uthibitishe umri. Video haichezi hata sekunde moja, huletewi kipande cha kuonja, na hakuna kitufe cha kusema mimi ni mtu mzima niachie nipite. Hiki kitu cha mwisho kinawachanganya watu waliozoea tovuti zingine ambazo unabonyeza tu una miaka 18 unaingia. Kwa YouTube neno lako halitoshi, inataka akaunti, na umri inausoma kwenye akaunti.

Ndo maana kuna kundi la pili ambalo ukikaa mwaloni utalikuta tu: mtu amelogini na bado hapati. Wavuvi wengi simu zao hawakuzianzisha wenyewe, walimpelekea fundi simu pale mjini, fundi akawafungulia Gmail fasta ili Play Store ifanye kazi, na tarehe ya kuzaliwa akaweka yoyote iliyomjia. Kama aliweka mwaka unaomfanya mzee wa miaka 50 aonekane ana miaka 15, kwa YouTube huyo ni mtoto na video ya 18+ haifunguki, alogini asilogini. Mwambie aingie kwenye mipangilio ya akaunti yake ya Google, sehemu ya `Personal info`, aangalie `Birthday`. Ikiwa imekosewa anairekebisha hapohapo, japo Google wanaweza kumwomba athibitishe umri. Tatizo ni kwamba wengi nenosiri hawalijui, analijua fundi, na fundi kashahama. Kwa hiyo kama watazamaji wako ndo hawa, ujue kufungiwa umri kunakukatia watu wengi zaidi ya vile ungedhani, siyo wale wasiologini tu.

Sasa kile kibox cheusi cha kwenye tovuti. Video za kufungiwa umri haziruhusiwi kuchezwa ndani ya tovuti nyingi za nje. YouTube walitangaza Septemba 2020 kwamba mtu akikutana na video ya hivyo kwenye tovuti nyingine atarudishwa YouTube kwenyewe, alogini, waone umri wake, ndo aangalie. Kwa hiyo hata wewe mwenyewe mwenye video, umelogini, miaka yako 40, ukiifungua kupitia tovuti ya kikundi utakuta hivi:

```
This video is age-restricted and only available on YouTube.
```

Na pembeni kuna linki ya `Watch on YouTube`. Ukitaka ukweli, hiki ndo kipimo kirahisi kuliko vyote kwa mtu mwenye tovuti, maana hakihitaji hata incognito. Fundi wenu wa tovuti akisema atabadilisha code ya kuiweka video ili ikubali, msimlipe, upande wenu hakuna code inayoondoa hiyo kitu. Kinachowezekana ni kuondoa kile kibox na kuweka picha ya kawaida yenye linki inayompeleka mtu YouTube, angalau asifikiri tovuti imeharibika.

Nilisema kuna vinavyofanana. Hapa soma maneno kwa makini, usiishie kwenye neno la kwanza la `Sign in`, maana linatokea sehemu nyingi. Kuna ujumbe unasema:

```
Sign in to confirm you're not a bot
```

Huu hauhusiani na umri hata kidogo. Hapa YouTube imeshuku mtandao unaoutumia, na hutokea sana mtu akiwa na VPN au yuko kwenye intaneti inayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Ukizima VPN au ukihamia bando la laini nyingine mara nyingi unapotea. Jamaa wa Ukerewe akikuambia "inataka niingie", muombe akupigie skrinishoti, usikubali maelezo ya mdomo, kwa sababu kwa mdomo hizi mbili ni kitu kimoja na kumbe moja inahusu video yako na nyingine inahusu mtandao wake.

Ikiwa imeandikwa `Private video` basi ni wewe uliiacha kwenye hali ya siri, umri haupo hapo. Ikisema haipatikani kwenye nchi yako, hiyo ni mambo ya haki za muziki au mwenye video kachagua nchi. Halafu kuna `Restricted Mode`, hii inawekwa kwenye kifaa au kwenye mtandao mzima, shule na maofisi wanaipenda. Ikiwashwa inaficha video nyingi hata ambazo hazijafungiwa umri, na dalili yake nzuri ni kwamba hata kwenye video zinazocheza, sehemu ya komenti unaambiwa komenti zimefichwa. Kama video yako inagoma kwenye kompyuta za shule moja tu na kwingine kote inacheza bila logini, tafuta huko.

Haya, tuseme umecheki na kweli ni umri. Swali linalofuata ni nani kaifunga, na hili jibu lake liko Studio. Ingia `studio.youtube.com`, vizuri zaidi kwenye kompyuta, hata ya kafe, ila ukimaliza logauti maana kafe ni kafe. Nenda `Content`, itafute ile video ya ndoana, halafu fuata mstari wake hadi kwenye safu ya `Restrictions`. Video isiyo na shida inaandikwa `None`. Yenye kufungiwa umri itaandikwa kuhusu umri hapo, na ukiweka kishale juu ya hayo maandishi kinafunguka kijibox cha maelezo. Kama kina neno `Appeal`, ujue ni YouTube wenyewe waliofunga.

Kabla hujawalaumu lakini, fungua hiyo video kwenye `Details`, shuka hadi sehemu ya `Audience`. Pale kuna maswali mawili yamekaa karibukaribu na watu wanayachanganya kila siku. La kwanza linauliza kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Wewe jibu lako ni `No, it's not made for kids`, na ni sahihi, haina maana kwamba watoto hawaruhusiwi kuiona, ina maana tu hukuwalenga wao. Chini yake kuna kimaandishi kidogo cha `Age restriction (advanced)`, ukikigusa kinafunguka swali la pili, na hapo kuna chaguo la `Yes, restrict my video to viewers over 18`. Hilo ndo lenye kufunga. Mtu anayejibu kwa haraka anafikiri anaendelea kusema lilelile, kwamba hii siyo ya watoto ni ya wavuvi watu wazima, anatiki, anasevu, anajifungia mlango mwenyewe. Kama ni wewe au kijana wako wa kuapload alitiki hapo, badilisha irudi `No`, sevu, halafu rudia kile kipimo cha incognito. Hapo umemaliza, huhitaji kumwomba mtu.

Kama siyo wewe, basi ni wao. Wanatumia mashine kupitia video na pia kuna watu wanaokagua. Sababu zao zinajulikana: damu na majeraha ya kutisha, mambo ya ngono na utupu, lugha ya matusi, vitendo hatari vinavyoigika, madawa, na watoto wakionyeshwa wakifanya vitu vya hatari. Video yako, kwa ulivyoieleza, mimi ningetazama zaidi pale ndoana inapotoka kwenye nyama kama kamera imesogezwa karibu na damu inatiririka. Wanazingatia kwamba video ni ya kufundisha, ila hilo wanalisoma kwenye video yenyewe pamoja na kichwa na maelezo yake. Video inayoanza na kelele za mtu anayeugulia na kichwa cha habari "MVUVI ALIVYOTOBOLEWA MKONO" haionekani ya kufundisha hata kama ndani unafundisha vizuri. Ile inayoanza na wewe umesimama na boksi la huduma ya kwanza unasema leo tunaonyesha nini, hiyo ina nafasi.

Kufungiwa umri siyo straiki, chaneli yako haijapewa kosa, video bado ipo na hata matangazo inaweza kupata japo kidogo au isipate kabisa. Kwa hiyo usiifute kwa hasira.

Rufaa unaruhusiwa mara moja tu kwa video, na hapo ndo ningekushauri utulie. Usibonyeze `Appeal` leo usiku ukiwa umekasirika ukaandika mstari mmoja wa "mnanionea". Kwanza rekebisha kichwa na maelezo, sema wazi kwamba ni mafunzo ya huduma ya kwanza kwa watu wa ziwani. Kama unaona kile kipande cha damu kinaweza kufunikwa, Studio ina `Editor` yenye `Blur`, ifanye kabla ya rufaa, siyo baada, ili anayekagua akute video iliyokwisha safishwa. Usitegemee kwamba ukiblur tu kufuli litatoka lenyewe. Halafu kwenye rufaa andika kwa ufupi dakika gani inaonyesha nini na kwa nini inahitajika kwenye somo. Wakikataa, kwa video hiyo safari imeishia hapo.

Kuna jambo lingine ambalo hukuuliza ila nina uhakika litakuja: una video ngapi kwenye chaneli? Ukiwa na thelathini, arobaini, huwezi kuzipesti moja moja incognito. Safu ya `Restrictions` inakuonyesha zote za kwako, hiyo inatosha kwa mwenye chaneli. Ila huyo fundi wenu wa tovuti, ambaye haingii Studio yako, na labda tovuti inaweka na video za wengine, yeye atumie YouTube Data API v3, njia ya programu kuiuliza YouTube habari za video. Anafungua mradi Google Cloud, anawasha hiyo API, anachukua ufunguo, kisha anaita hivi:

```
https://www.googleapis.com/youtube/v3/videos?part=contentDetails&id=VIDEO_ID&key=API_KEY
```

Kwenye `VIDEO_ID` anaweka zile herufi 11 za video, na anaweza kupanga hadi video 50 kwa mpigo akizitenganisha na mkato. Kwenye majibu atafute `contentRating`. Ya kufungiwa umri inakuja hivi:

```
"contentRating": {
  "ytRating": "ytAgeRestricted"
}
```

Isiyofungiwa inakuja na mabano matupu, `"contentRating": {}`. Kuita mara moja kunakula yuniti 1, na mgao wa kawaida ni yuniti 10,000 kwa siku, kwa hiyo anaweza kuiacha ijicheki kila asubuhi bila kulipa kitu. Uzuri wa njia hii ni kwamba haitegemei nani kalogini wala uko kwenye mtandao gani, kwa hiyo ule ujumbe wa bot haumchanganyi. Akikuta video haimo kabisa kwenye majibu, `items` iko tupu, hiyo imefutwa au ni ya siri, asiihesabu kama ya umri.

Kuna mafundi wanapenda kufungua code ya ukurasa wa video na kutafuta neno `LOGIN_REQUIRED`, wakiliona wanasema tayari ni 18+. Siyo lazima. Neno hilo linatoka kwenye video ya siri na kwenye ile ya bot pia, inabidi asome na `reason` iliyo jirani yake, ikitaja `age` ndo tunakubaliana.

Kwa video yako ya ndoana mimi ningefanya hivi. Ile ndefu iache YouTube, ikatie rufaa baada ya kuisafisha. Halafu tengeneza nyingine ya dakika mbili hivi, hatua zilezile ila ndoana uichome kwenye ndizi au kipande cha ngozi ya kiatu badala ya mkono wa mtu, iapload kama video mpya, hiyo ndo uweke kwenye tovuti ya kikundi. Baada ya kuiweka usiiamini siku ya kwanza, mashine inaweza kuifikia baadaye, rudi incognito wiki inayofuata uicheki tena. Na kwa jamaa wa kambini ambao akaunti zao ziko kwa fundi, tuma lile faili lenyewe WhatsApp, siyo linki, alifungue hata akiwa katikati ya ziwa bila bando.